Kairos na chronos: lipi la kutumia, na mahali gani?

Rafiki yangu mmoja hutafsiri masomo ya Biblia kwa ajili ya vikundi vya vijana. Kigiriki anakisoma polepole, kamusi ikiwa magotini. Alijiwekea kanuni ya kurahisisha kazi: kila akikuta chronos ataandika "muda", na kila akikuta kairos ataandika "majira". Kanuni hiyo ilimvusha kurasa kadhaa, kisha simu yangu ikaita.

"Mwalimu, nimekwama kwenye Luka. Ibilisi anamwacha Yesu, na Kigiriki kinasema kairos. Lakini nikiandika majira, sentensi haina kichwa wala miguu."

Hakuwa wa kwanza kukwama hapo. Kuna aliyesikia mimbarani kwamba chronos ni saa ya ukutani na kairos ni saa ya Mungu, akaenda kusoma mwenyewe akaona mambo hayalingani. Kuna anayeitafutia semina jina. Kuna mwanafunzi wa falsafa ambaye mwalimu wake anasema jambo moja na mchungaji wake jingine. Hao wote wanauliza swali lilelile: Wagiriki walikuwa na maneno mawili pale ambapo sisi mara nyingi tunasema tu "wakati", sasa mimi nichukue lipi?

Tahadhari ndogo ya matamshi kabla hatujaenda mbali. Ile ch ya chronos si ya chai wala chumba. Isome kama kh ya "kheri", na mkazo uwe mwanzoni: khró-nos. Kwenye kairos mkazo uko mwishoni: kai-rós.

Tutayapima kwa nini

Nimechagua vigezo vinne, na maneno yote mawili yatapita humohumo. Kwanza, neno linajibu swali gani. Pili, linaandamana na maneno gani, kwa sababu kitenzi au kivumishi kilicho jirani mara nyingi humwambia msomaji mengi kuliko kamusi. Tatu, Kiswahili kina nini cha kulipokea. Nne, linamdanganya mtu wapi. Mifano mingi nimeichukua katika Agano Jipya la Kigiriki, kwa kuwa huko ndiko wasomaji wengi wa Kiswahili wanakokutana na maneno haya. Lakini maneno yenyewe ni ya zamani kuliko kitabu hicho, kwa hiyo itabidi turudi nyuma kidogo.

Chronos

Swali lake ni "kwa muda gani?" au "tangu lini?" Chronos ni wakati unaopita, nawe unaweza kuukatia vipande na kuvihesabu. Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika katika Fizikia yake kwamba chronos ni hesabu ya mwendo kwa kufuata cha kabla na cha baada. Maana yake si ngumu. Kikiwepo kitu kinachosogea, jua angani au maji yanayodondoka, unaweza kusema hapa kilikuwa, pale kimefika, na katikati ukaweka namba. Katika mahakama za Athene walifanya hivyo hasa: mdai na mdaiwa walipimiwa muda wa kusema kwa chombo cha maji chenye tundu chini. Maji yakiisha, unakaa. Kile chombo kiligawa chronos kwa haki, tone kwa tone.

Jirani zake ni maneno ya kiasi: mwingi, mchache, mrefu, wa kutosha, wote huu. Hutembea pia na vitenzi vya kukaa na kushinda mahali. Kwenye Yohana 5, yule mgonjwa wa birikani aliyeugua miaka 38, Yesu anajua kwamba amekuwa hivyo chronos nyingi, na Biblia yetu ya Union Version ikaweka "siku nyingi". Tafsiri nzuri kabisa, maana ndivyo tunavyosema.

Ila mfano ninaoupenda, ingawa ni wa kutisha, ni ule wa Herode katika Mathayo 2. Anawaita mamajusi kwa siri, anawauliza chronos ya ile nyota. Haulizi nyota ina maana gani, wala kama saa ya mfalme mpya imefika. Anataka namba: imeonekana tangu lini? Namba akaipata, akaitumia. Mistari tisa mbele anaagiza wauawe watoto wa kiume wenye miaka miwili na chini yake, na Mathayo anarudia neno lilelile: kwa kadiri ya chronos aliyoihakikisha kwa mamajusi. Ukitaka kumwonyesha mtu chronos ni nini, mpe kisa hicho. Ni wakati uliogeuzwa kuwa hesabu, na hesabu ikatoa umri.

Kwa Kiswahili, "muda" ndilo linaloikaribia zaidi, kisha "siku nyingi", "kitambo" na "kipindi". "Wakati" nalo linafaa likiwa na kivumishi cha kiasi, kama "wakati mwingi". Lugha za Ulaya zilichukua jina la maradhi ya kudumu kutoka neno hilihili, wakimaanisha ugonjwa unaokula muda. Sisi tunasema ugonjwa sugu, tukifikiria ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa. Picha ni nyingine, lakini miaka ni ileile.

Linadanganya sehemu mbili. Ya kwanza ni ndogo: chronos si yule Kronos wa hadithi aliyewameza watoto wake. Majina hayo yana herufi tofauti mwanzoni, moja khi na jingine kapa. Kosa hilo lina umri mkubwa, maana Wagiriki wenyewe walikuwa wakiyachanganya tangu kale.

Ya pili ndiyo inayowapata wahubiri. Wanadhani chronos ni wakati mtupu, wa kidunia, usio na uzito. Halafu wanafika Wagalatia 4:4, "ulipowadia utimilifu wa wakati, Mungu alimtuma Mwanawe". Wangetegemea kairos hapo. Paulo ameandika chronos. Rudi mistari mitatu nyuma utaona sababu: anazungumzia mrithi ambaye ni mtoto bado, aliye chini ya walezi kwa chronos yote ya utoto wake, mpaka siku aliyoiweka baba. Ni miaka ya kungoja iliyojaa hadi ukingoni, kama mtungi unaokingwa bombani.

Neno hili linamfaa mwanahistoria, mtu wa maabara, mwandishi wa ratiba, na mtafsiri yeyote anayeshughulika na jambo lililochukua siku, miezi au miaka.

Kairos

Swali la kairos ni "je, ndipo?" Nalichagua neno hilo kwa makusudi, na nitaomba nikae hapa kidogo.

Katika tenzi za Homeri, mshairi wa kale wa Kigiriki, nomino kairos haimo. Kilichomo ni kivumishi chake, nacho hakihusu wakati hata kidogo, kinahusu mahali. Katika Iliadi, wimbo wa nne, Menelao anapigwa mshale, ndugu yake anaingiwa na hofu, naye anamtuliza: mshale haukuingia pahali pa kairos. Mkanda na vazi la vita vimeuzuia. Wimbo wa nane, farasi wa mzee Nestori anapigwa utosini, pale nywele za kwanza zinapoota, na mshairi anasema hapo ndipo penye kairos zaidi. Yaani ni mahali ambapo mshale ukifika hakuna kusalimika. Nusu inchi kando, umebaki mkwaruzo.

Msomaji wa Kizungu huhangaika kuelewa jinsi neno la mahali linavyoweza kuwa neno la wakati. Sisi hatuhangaiki. Kiungo chetu -po- kinafanya kazi hizo mbili kila siku. "Alipokaa" ni pale mahali au ule wakati, na sentensi ndiyo inayoamua. "Hapo" huonyeshwa kwa kidole, na "hapo" husimulia kilichofuata. "Papo hapo" ni mahali na ni sasa. Kwa hiyo mtu wa Kiswahili akiniuliza kairos ni nini kwa neno moja, humwambia ni ile -po- ya "ndipo".

Nomino yenyewe inajitokeza kwa Hesiodi, katika shairi lake la kilimo na kazi, naye anaizungumzia katika habari za jahazi na mizigo. Anasema usipakie mali yako yote chomboni, bakisha iliyo nyingi nyumbani. Na gari nalo ukilijaza kupita kiasi, mhimili huvunjika na mzigo ukaharibika. Shika vipimo, anamaliza, kairos ni bora katika kila jambo. Hapo kairos ni kiasi kinachofaa, bila kuzidi wala kupungua. Maana ya wakati ilikuja kukaa juu ya maana hizo mbili, shabaha na kiasi, na haikuzifuta.

Waganga wa shule ya Hipokrati waliipenda. Sentensi maarufu inayofungua mkusanyo wao wa Misemo inasema maisha ni mafupi, ufundi ni mrefu, kairos ni kali. Kivumishi hicho cha ukali ndicho walichokitumia pia kwa magonjwa yanayokuja kwa kasi. Katika maandishi mengine ya mkusanyo huohuo, yanayoitwa Maagizo, kuna maneno ambayo naona ndiyo ulinganisho mfupi kuliko wote: chronos ndimo mnamopatikana kairos, na katika kairos chronos si nyingi. Mwandishi anaendelea kusema kwamba kupona huja kwa chronos, ila mara nyingine huja kwa kairos pia. Fikiria mgonjwa wa homa. Kuna siku za kulala na kunywa uji ambazo hazikimbizwi na mtu yeyote. Kuna pia ile saa ambayo mganga akiwahi anaokoa, akichelewa anazika. Mganga anayejua moja tu kati ya hizo ni hatari.

Wagiriki walimchongea hata sanamu. Lisipo wa Sikioni, mchongaji wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alimfanya Kairos kijana anayesimama kwa ncha za vidole, ana mabawa miguuni na wembe mkononi. Nywele zimeanguka usoni, kisogo ni upara. Mshairi Posidipo akatunga mahojiano na sanamu hiyo. Kwa nini nywele ziko mbele? Ili anayekutana nami anishike. Kwa nini nyuma huna? Nikishampita mtu, hata akitamani hawezi kunikamata. Pausania naye, msafiri wa karne ya 2 baada ya Kristo, aliona madhabahu ya Kairos huko Olimpia, karibu na lango la uwanja wa mashindano. Mkimbiaji alipita hapo akielekea mahali ambapo kuwahi au kuchelewa kidogo tu ndiko kunakoamua.

Jirani za kairos ni vitenzi vya kufika: kukaribia, kuwapo, kutimia. Mara nyingi hufuatwa na jambo lenyewe: wa mavuno, wa tini, wa kujaribiwa. Yesu anapokuta mtini wenye majani tu, Marko anaeleza kwamba haikuwa kairos ya tini. Kwa wakulima na wauza matunda hilo ni "msimu", basi. Katika tafsiri ya Kigiriki ya Mhubiri sura ya 3, ile orodha ya kuzaliwa na kufa, kupanda na kung'oa, neno kairos limerudiwa mara 28 katika mistari saba. Kila jambo lina kairos yake.

Kiswahili kina akiba kubwa hapa: majira, msimu, nafasi, fursa, "wakati wake", na kitenzi kizuri sana, kuwadia. "Wakati umewadia" hakuna anayekisema kwa ajili ya dakika tu zilizopita. Methali nazo zimejaa kairos bila kulijua jina lake. "Udongo uwahi ungali maji" ni ushauri wa mfinyanzi, na yule kijana wa Lisipo mwenye upara angeukubali mara moja.

Linadanganya wapi? Kwanza, watu huligeuza kuwa neno takatifu. Kairos ya tini haina utakatifu wowote, ni suala la matunda. Pili, halitaji tukio daima. Mfano wa mpanzi, Luka 8:13, unasema wale wa penye mwamba huamini "kitambo kidogo", na wakati wa kujaribiwa hujitenga. Hiyo "kitambo kidogo" kwa Kigiriki ni kairos, na "wakati wa kujaribiwa" ni kairos tena. Sentensi moja, neno moja. Mara ya kwanza linapima urefu, mara ya pili linataja tukio. Ukiwa umemwambia darasa kwamba kairos haipimi urefu kamwe, jiandae kuulizwa.

Jambo la tatu ni la wasafiri. Katika Kigiriki cha leo kairos ni hali ya hewa. Mgiriki akikuuliza kairos ikoje huko kwenu, anataka kujua kama mvua inanyesha. Na chronos kwake ni mwaka: salamu ya sikukuu, "chronia pola", ni kumtakia mtu miaka mingi. Hata "muda gani umekaa hapa?" leo huulizwa kwa kairos, pale ambapo watu wa kale wangetumia chronos.

Neno hili linamfaa mtu anayezungumzia uamuzi, msimu, hatari inayopita au nafasi inayofunguka. Mwaka 1985 wanatheolojia wa Afrika Kusini, wengi wao wakifanya kazi Soweto, walitoa Waraka wa Kairos dhidi ya ubaguzi wa rangi. Walikuwa wakiyaambia makanisa kwamba saa ya kuchagua upande imefika. Hapo chronos isingeweza kusimama badala yake.

Yanapogongana

Mpaka hapa mambo yanaonekana safi. Kumbe siyo safi hivyo. Mwaka 1962 James Barr, mwanazuoni wa Biblia kutoka Skotilandi, alichapisha kitabu kizima kuwakosoa waliokuwa wakijenga theolojia juu ya tofauti ya maneno haya mawili. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba maana hukaa katika sentensi, haikai katika neno lililosimama peke yake. Nadhani alikuwa na haki katika hilo, ingawa wafuasi wake wengine walikwenda mbali hadi wakasema hakuna tofauti kabisa.

Chukua kuzaa. Mhubiri ya Kigiriki inasema kairos ya kuzaa. Luka 1:57 inasema chronos ya Elisabeti ya kuzaa ilitimia. Kitenzi cha kuzaa ni kilekile, umbo lake ni lilelile, ila nomino imebadilika. Je, Luka amekosea? Soma sura yake kuanzia mstari wa 24. Elisabeti anajificha miezi mitano. Mwezi wa sita malaika anakwenda Nazareti. Mariamu anakaa kwa Elisabeti kama miezi mitatu. Sita na tatu ni tisa, na mstari unaofuata ndio huo wa kuzaa. Luka amekuwa akihesabu miezi kwa vidole, na chronos ndilo neno la mtu anayehesabu. Mhubiri hahesabu chochote, anapanga mambo kila moja mahali pake. Siwezi kuapa kwamba Luka alilifikiria hivyo alipoandika. Najua tu kwamba ukisoma sura nzima, neno halikusumbui tena.

Kuna mahali pengine ambapo kutenganisha ni kujitesa bure. Matendo 1:7 inasema "nyakati wala majira", na Wathesalonike wa Kwanza 5:1 "nyakati na majira". Kigiriki kina chronos na kairos zimefungwa pamoja, kama sisi tunavyosema "furaha na shangwe". Danieli 2:21 inazigeuza, "majira na nyakati", na maana haipotei. Mtu akihubiri saa nzima juu ya tofauti ya maneno hayo katika Matendo 1:7, mimi huangalia saa ya ukutani.

Sasa turudi kwa rafiki yangu na Luka wake. Mstari wenyewe ni Luka 4:13. Majaribu ya jangwani yameisha, Ibilisi anamwacha Yesu "achri kairou", neno kwa neno ni "mpaka kairos". Union Version imeandika "kwa muda". Nilimwambia afungue Matendo 13:11, kwa kuwa mwandishi ni yuleyule. Paulo anamwambia mchawi Elima kwamba atakuwa kipofu asilione jua "achri kairou". Maneno mawili yaleyale kabisa, na Union Version tena ni "kwa muda".

"Basi kazi imekwisha," akasema. "Kwa muda, kote kuwili."

Nikamwambia asubiri, tupitishe vigezo. Kwa Elima, je, kuna jambo linalongojwa? Hakuna. Paulo anamwekea adhabu kikomo: hutakuwa kipofu maisha yako yote. Hakuna anayeotea, hakuna kinachoandaliwa. Swali linalojibiwa ni la urefu, kwa hiyo "kwa muda" inatosha, wala sioni sababu ya kuitia chumvi.

Kwa Ibilisi mambo ni mengine. Huyu anaondoka akiwa ameshindwa, naye ana nia. Mwindaji akimwacha mnyama "mpaka", msomaji anataka kujua mpaka nini. Luka analijibu swali hilo mwenyewe, kurasa nyingi mbele. Sura ya 22 Shetani anamwingia Yuda, na mistari mitatu baadaye Yuda "akatafuta nafasi" ya kumsaliti. Hiyo nafasi kwa Kigiriki ni eukairia, neno lililotoka tumboni mwa kairos lenyewe. Uzi umeanza jangwani, umekuja kufungwa usiku wa Pasaka. Ukiandika "kwa muda" katika 4:13 hukosei, lakini umeukata uzi huo, na msomaji wa Kiswahili hatajua kwamba Ibilisi aliondoka kwenda kungoja.

Tulizijaribu sentensi kadhaa kwa sauti. "Akamwacha mpaka majira" ilianguka papo hapo, maana kwetu majira bila jambo lake huwa ni ya mwaka, mvua au kiangazi. "Mpaka wakati wake" ikaleta utata: wakati wa nani, wa Yesu au wa Ibilisi? "Mpaka wakati ufaao" ilikuwa sahihi, ila ina harufu ya ofisi. Tukaishia kwenye "akamwacha, akingoja nafasi nyingine". Kwa uaminifu niseme kwamba "nyingine" haimo katika Kigiriki, tumeiongeza, na kuna mtafsiri atakayetukatalia. Yeye basi aandike "hata ipatikane nafasi", ambayo haiongezi chochote. Kilichonifurahisha ni kwamba neno "nafasi" litakutana na lile "akatafuta nafasi" la sura ya 22, na msikilizaji makini ataling'amua.

Kwa hali yako

Kama unatafsiri, tupa kanuni ya neno moja kwa neno moja. Angalia jirani zake. Ukiona kiasi au kukaa, anza na "muda" na jamaa zake hata kama Kigiriki ni kairos. Ukiona jambo linalongojwa, au kitu kinachokaribia, anza na "wakati wake", "msimu" au "nafasi" hata kama Kigiriki ni chronos. Kisha soma sura nzima kabla ya kuandika kwa wino.

Kama unahubiri au kufundisha, tofauti ya saa ya ukutani na saa iliyowadia inasaidia, mradi uitoe kama mwelekeo wa kawaida wa maneno na usiifanye sheria. Marko 1:15, "Wakati umetimia", ni mahali salama pa kufundishia kairos. Herode ni mahali salama pa chronos. Wagalatia 4:4 iweke tayari mfukoni, kwa sababu yupo kijana mwenye simu atakayeitafuta ukiwa bado unasema.

Kama unasoma falsafa au ufundi wa kusema, utahitaji yote mawili, kila moja kwenye somo lake. Kwa Fizikia ya Aristotle chukua chronos. Kwa Isokrati, aliyesema hotuba haiwezi kuwa nzuri isipoendana na kairos zake, chukua kairos, na ukumbuke maana yake ya kiasi, siyo ya saa pekee. Yule msemaji wa mahakamani Athene alipewa maji sawa na mpinzani wake. Alichokisema tone la mwisho likikaribia, hicho chombo hakikumpa.

Kama unaipa semina au kikundi jina, kairos inavutia zaidi na ndiyo maana imekwisha kutumiwa na wengi. Kikundi cha kuweka kumbukumbu za ukoo au historia ya mji wenu kitavaa chronos vizuri zaidi. Kama ni kikundi cha kuweka akiba, sijui niseme nini, maana riba huzaliwa na chronos na mkopo huombwa kwa kairos.

Na kama unakwenda Athene kwa ndege, ukasikia abiria wa kiti cha mbele wakilalamika kwamba kairos ni mbaya, vaa koti.